Kasi ya Kiungo: Kwa Nini Konsoli Inavuta Kidogo Ilhali Ruta Ni ya Kasi

Swali hili huletwa kwangu mara kwa mara, hasa na wenye vyumba vya gemu hapa Mwanza, na maneno yake hayabadiliki sana: "Kaka, nimelipia megabiti mia, ruta ni mpya, simu inavuta tisini, mbona PS inavuta thelathini?" Nimeona ni heri niandike jibu zima mahali pamoja, kwa mpangilio wa hatua ambao mtu anaweza kuufuata mwenyewe bila kumlipa fundi.

Konsoli na ruta zinapounganishwa kwa waifai, hupatana kasi ya kuzungumza. Makubaliano hayo hutegemea mambo matatu: kiwango cha waifai ambacho vyote viwili vinakifahamu, upana wa chaneli, na idadi ya mikondo ya data ambayo antena zake zinaweza kubeba kwa wakati mmoja. Kimoja kikiwa na uwezo mdogo, kingine hakina budi kushuka hadi hapo. Kasi hiyo waliyopatana ndiyo ninayoiita kasi ya kiungo, nayo si kasi ya intaneti unayolipia. Ruta nyingi huionyesha waziwazi kwenye orodha ya vifaa vilivyounganishwa, na tarakimu yake, ukijua kuisoma, hukutajia kasoro iko wapi.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Konsoli yenyewe na jina lake kamili, pamoja na toleo lake. PS4 ya kwanza, ile ya mwaka 2013, hutumia masafa ya gigahezi 2.4 peke yake, ilhali PS4 Slim na PS4 Pro zinafika gigahezi 5. PS5 ni ya Wi-Fi 6. Xbox Series S na Series X, ingawa ni za kizazi kimoja na PS5, zinaishia Wi-Fi 5.
- Anwani ya ruta na nywila ya kuingilia kwenye mipangilio yake. Mara nyingi vyote vimechapwa kwenye kibandiko kilicho chini ya ruta.
- Waya wa mtandao wa mita mbili au tatu, kwa ajili ya jaribio moja tu.
- Simu yenye programu ya kuonyesha mitandao ya jirani na chaneli zake.
- Saa moja ambayo hakuna mteja anayecheza.

Hatua

1. Jaribu kwa waya kwanza. Chomeka waya kutoka ruta hadi konsoli, kisha pima kasi. Kwenye PS5 ingia `Settings > Network > Connection Status > Test Internet Connection`. Ukipata thelathini hata kwa waya, tatizo haliko kwenye waifai, na hatua zinazofuata hazitakusaidia, kwa hiyo mpigie anayekuuzia intaneti. Ukipata tisini na kitu kwa kifurushi cha mia, laini yako ni nzima na unaweza kuendelea.

2. Sogeza konsoli karibu na ruta. Chomoa waya, kisha weka konsoli umbali wa mita mbili au tatu, pasiwe na ukuta katikati. Wengi huiruka hatua hii kwa sababu inawachosha kuhamisha televisheni, na hapo ndipo wanapopotea. Umbali na kuta hushusha kasi ya kiungo hata mipangilio ikiwa sahihi kabisa, hivyo ukisoma tarakimu kutoka chumba cha pili hutajua kama umeona kasoro ya mipangilio au umeona ukuta. Kwetu jambo hili ni zito zaidi, kwa kuwa nyumba nyingi za milimani zimeegemea mawe makubwa, na jiwe la itale halipitishi mawimbi kama tofali linavyopitisha.

3. Soma kasi ya kiungo wakati konsoli inapakua kitu. Anzisha upakuaji wa gemu lolote, kisha kwenye simu fungua mipangilio ya ruta na utafute orodha ya vifaa. Tarakimu huwa chini ya neno kama `Link Speed`, `Link Rate` au `Tx/Rx Rate`. Usiisome konsoli ikiwa imetulia, maana kifaa kisichotuma data kinaweza kuonyesha 6 au 24, nawe ukadhani kimeharibika.

4. Linganisha tarakimu na sababu yake. Hizi ndizo utakazokutana nazo zaidi, kwa konsoli iliyo karibu na ruta:

   - 54: konsoli inatumia kiwango cha zamani, 802.11g. Konsoli ya leo ikikwama hapa, mtuhumiwa wa kwanza ni aina ya ulinzi wa nywila, kama nitakavyoeleza katika hatua ya 5.
   - 72 au 144: ni 802.11n, yaani Wi-Fi 4, yenye chaneli ya megahezi 20. Tarakimu ya 72 ni mkondo mmoja, 144 ni mikondo miwili. Karibu kila mara uko kwenye gigahezi 2.4.
   - 286: ni Wi-Fi 6 yenye mikondo miwili, lakini chaneli bado ni ya megahezi 20.
   - 433 au 866: ni Wi-Fi 5 yenye chaneli ya megahezi 80, kwa mkondo mmoja au miwili.
   - 1201: ni Wi-Fi 6, mikondo miwili, megahezi 80.

   Ruta nyingine huandika 65 badala ya 72 na 130 badala ya 144. Tofauti hiyo inatokana na nafasi ndogo ya muda inayoachwa kati ya mapigo ya data, na haibadilishi maana.

   Ili uone jinsi tarakimu inavyoongoza kazi, nieleze kisa cha chumba kimoja cha gemu pale Mabatini. Mwenye chumba, dada mmoja anayeendesha biashara hiyo na mdogo wake, alikuwa na PS5, ruta ya Wi-Fi 6 na kifurushi cha megabiti 100. Kwa waya konsoli ilivuta 94, kwa waifai ilivuta 31. Tuliiweka konsoli mezani karibu na ruta, tukaanzisha upakuaji, na orodha ikaonyesha 144. Kabla hatujagusa kitufe chochote tayari tulijua mambo mawili: konsoli ilikuwa kwenye gigahezi 2.4, na ruta, japo kibandiko chake kinasema Wi-Fi 6, ilikuwa inazungumza nayo kwa 802.11n.

   Dada akauliza swali la haki: kama kiungo ni 144, mbona inakuja 31? Kuna sababu mbili. Ya kwanza, kasi ya kiungo si mzigo unaofika. Sehemu kubwa ya muda huliwa na kusubiri zamu na kuthibitisha kwamba data imepokelewa, na hata hali ikiwa nzuri utaambulia zaidi kidogo ya nusu ya tarakimu hiyo. Ya pili ni mlima. Simu ilionyesha mitandao 19 ya gigahezi 2.4 kwenye chumba kile. Nyumba zimepangana kwenye mteremko, na aliye juu anaona moja kwa moja paa na madirisha ya walio chini, hivyo mawimbi yao yanamfikia bila kizuizi. Vifaa vyote vilivyo kwenye chaneli moja husikilizana na kusubiriana, hata kama ni vya nyumba tofauti zisizojuana.

5. Kagua ulinzi wa nywila. Kwenye mipangilio ya waifai tafuta `Security` au `Encryption`. Chagua `WPA2-PSK` pamoja na `AES`, au `WPA2/WPA3` kama ipo. Usiache `TKIP` wala `WEP`. Viwango vya 802.11n na vinavyofuata haviruhusu kasi zake kutumika pamoja na ulinzi huo wa zamani, kwa hiyo ruta ya bei kubwa kiasi gani itashuka hadi 54 na kutulia hapo. Ukiona pia swichi ya `WMM`, hakikisha imewashwa, kwa kuwa kuizima huleta matokeo yaleyale. Pale Mabatini sehemu hii ilikuwa sawa, na tarakimu ya 144 ilikuwa imeshatuambia hivyo, kwani kifaa kilichofungwa na TKIP kisingevuka 54.

6. Tenganisha majina ya masafa mawili. Ruta nyingi za sasa hutoa jina moja kwa gigahezi 2.4 na 5, halafu konsoli inachagua yenyewe. Mara nyingi huchagua 2.4, kwa sababu mawimbi yake yanafika kwa nguvu zaidi, japo yanabeba kidogo. Zima `Smart Connect` au `Band Steering`, kisha yape masafa ya gigahezi 5 jina lake, kwa mfano kwa kuongeza `_5G` mwishoni. Kwenye konsoli futa mtandao wa zamani na uingie ule mpya. Mwenye PS5 asiyetaka kugusa ruta anaweza kwenda `Settings > Network > Settings > Set Up Internet Connection`, akasimama juu ya jina la mtandao wake, akabonyeza kitufe cha Options na kuchagua `Wi-Fi Frequency Bands`, kisha `5 GHz`.

   Kwenye kisa chetu, baada ya hatua hii, tarakimu ilipanda kutoka 144 hadi 286, na kipimo cha intaneti kikapanda kutoka 31 hadi 92. Hapa ninataka uangalie vizuri. Kwa kifurushi cha megabiti 100, kazi ilikuwa imekwisha, kwa sababu 286 inatosha kupitisha kila alicholipia. Tuliendelea na hatua ya 7 kwa sababu tu dada alikuwa anakusudia kuongeza konsoli ya pili kwenye ruta ileile, na muda wa hewani hugawanywa kati ya vifaa vyote. Kifaa kinachomaliza haraka kutuma chake humwachia mwenzake nafasi.

7. Weka upana na chaneli ya gigahezi 5. Tarakimu ya 286 ilituonyesha kwamba kiwango ni kipya lakini upana umebaki megahezi 20. Tulipofungua ukurasa wa gigahezi 5 tukakuta kweli `Channel Width: 20 MHz`. Aliyefunga ruta alikuwa ameipunguza, pengine ili mawimbi yafike mbali. Weka `80 MHz`, na kwenye `Channel` chagua `36` au `149`. Chaneli ya 36 ikipewa megahezi 80 huchukua 36, 40, 44 na 48 kwa pamoja, na ya 149 huchukua hadi 161. Epuka `165`, maana hiyo husimama peke yake kwa megahezi 20 na haina jirani wa kuungana naye katika kundi la 80.

   Kuna chaneli za katikati, kuanzia 52 hadi 144, ambazo ruta hutakiwa kusikiliza kwanza kama kuna rada kabla ya kuzitumia, jambo linaloweza kuchukua dakika nzima au zaidi, na ikisikia rada hulazimika kuhama hata mchezo ukiwa katikati. Baadhi ya vifaa havizioni kabisa chaneli hizo. Kwa konsoli ninazikwepa.

   Tukahifadhi, ruta ikajiwasha upya, konsoli ikaunganishwa, na orodha ikaonyesha 1201.

8. Rudisha konsoli mahali pake na usome tena. Konsoli ya Mabatini iliporudi kwenye chumba cha wateja, nyuma ya ukuta mmoja wa tofali, ilisoma 864. Hiyo si kasoro. Kiwango na upana ni vilevile, ila ruta imechagua namna ya kutuma iliyo ya tahadhari zaidi kwa sababu mawimbi yamepungua nguvu. Andika tarakimu hiyo kwenye karatasi na uibandike karibu na ruta, pamoja na tarehe. Siku utakayolalamikiwa na wateja, utaanza kwa kulinganisha nayo.

Makosa ninayoyakuta mara nyingi

Kosa la kwanza ni kulazimisha megahezi 40 kwenye gigahezi 2.4. Masafa hayo ni membamba: chaneli zisizoingiliana kwa megahezi 20 ni tatu tu, yaani 1, 6 na 11. Ukitaka 40 umechukua sehemu kubwa ya uwanja wote, na ruta inayofuata utaratibu, ikisikia majirani, hurudi yenyewe kwenye 20. Ndiyo maana mtu wa Mabatini au Bugarika huweka `20/40 MHz`, akahifadhi, akaona tarakimu haijabadilika, akaamini ruta ni mbovu. Ruta ni nzima, inawaheshimu wenzake. Kwa 2.4 weka 20, chagua kati ya 1, 6 na 11 ile yenye mitandao michache au dhaifu, basi. Usichague 3 au 4 kwa kudhani umejificha katikati, kwa sababu utakuwa umejiweka kwenye makelele ya pande mbili.

Kosa la pili ni kukimbilia megahezi 160 kwa kuwa ruta inayo. Upana ukiongezwa mara mbili, kelele inayokusanywa nao huongezeka mara mbili pia, wakati nguvu ya ruta ni ileile. Aidha, upana huo lazima uingie kwenye chaneli za rada nilizozitaja. Kwa sababu hiyohiyo, konsoli iliyo mbali au nyuma ya jiwe ikiwa inakatika kwa 80, shusha hadi 40 na uone kama inatulia. Tarakimu inaweza isipande, lakini mchezo usiokatika una faida kwa mteja kuliko upakuaji wa haraka unaokwama kila dakika kumi.

Kosa la tatu ni kununua ruta mpya kwa ajili ya konsoli isiyoweza kuitumia. PS4 ya mwaka 2013 haitauona mtandao wa gigahezi 5 hata ukiweka ruta ya Wi-Fi 7. Kwa konsoli hiyo, fedha ya ruta inunue waya mzuri na vichwa vyake.

Ukikwama

*Mtandao wa gigahezi 5 hauonekani kwenye konsoli, lakini simu inauona.* Angalia kwanza kama konsoli yako inayo gigahezi 5. Kama inayo, chaneli ndiyo ya kushukiwa. Vifaa vingi hapa vilinunuliwa vikiwa vimetumika kutoka nchi nyingine, na kila eneo lina orodha yake ya chaneli zinazoruhusiwa. Hama kutoka 149 kwenda 36, au kinyume chake, kisha tafuta tena. Usibadilishe nchi kwenye mipangilio ya ruta ili kupata chaneli zaidi.

*Konsoli inaunganishwa gigahezi 5 kwa siku mbili, kisha inarudi 2.4.* Konsoli imehifadhi majina yote mawili. Futa lile la 2.4 kwenye konsoli.

*Tarakimu ni kubwa, 866 au 1201, lakini kipimo cha intaneti ni kidogo.* Waifai imeshamaliza kazi yake. Rudia jaribio la waya la hatua ya 1, kisha angalia kama kuna kifaa kingine kinachopakua. Simu inayotuma video kwenda hifadhi ya mtandaoni inatosha kuziba njia ya kupandisha data na kufanya kila kitu kionekane kizito.

*Umeweka 80 lakini tarakimu imebaki ya 20.* Ruta nyingi zina ukurasa wa 2.4 na ukurasa wa 5 vinavyofanana sura, na ni rahisi kubadilisha upana kwenye ukurasa usiohusika. Hakikisha pia chaneli si 165, na kwamba `Mode` haikubaki kwenye `802.11a` au `a/n`, kwani viwango hivyo havifahamu megahezi 80.

*Kwa waya unapata 94 ilhali kifurushi ni cha 200.* Tundu la ruta ni la megabiti 100, au waya umefungwa jozi mbili badala ya nne. Tazama kichwa cha waya kwa karibu kwenye mwanga: kwa gigabiti unapaswa kuona nyuzi zote nane zimefika mbele hadi kwenye meno ya shaba. Zikiwa nne, kata kichwa na ufunge kipya.